Kikao cha Jumamosi: ndoo za asali zilizochacha

Wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi saa 4 asubuhi tunakaa kuhusu zile ndoo za asali zilizorudishwa na mnunuzi. Hatutafuti mkosaji. Tukianza na "nani alivuna mapema?", watu watanyamaza, na msimu ujao mifuniko itavimba tena.

Kwanza tutaandika ubaoni mfuatano wa matukio: kuvuna, kuchuja, kujaza ndoo, kupima. Leteni madaftari na meseji za siku zile, maana kumbukumbu ya kichwani hujipanga upya mtu akishajua mambo yaliishaje. Kisha kwa kila hatua tutauliza: aliyekuwepo alijua nini, na kitu gani kilifanya uamuzi ule uonekane sawa?

Mfano ni huu. Asali yenye unyevu unaozidi asilimia 20 huchacha kirahisi. Masega mengi yalivunwa nyuki hawajayafunika kwa nta, kwa sababu tarehe ilipangwa kwa ratiba ya gari, si kwa hali ya mizinga. Kipima unyevu ni kimoja na kinakaa stoo Tabora mjini, kwa hiyo asali hupimwa ikiwa imeshachanganywa. Kwa mpangilio huo hata mvunaji mzoefu angeleta ndoo zilezile.

"Tuwe makini zaidi" haliandikwi kama azimio. Andikeni badiliko linaloonekana, lenye msimamizi na tarehe: kipima unyevu kiende porini, na sega ambalo halijafunikwa angalau robo tatu libaki mzingani.