Mteja anasema "ni kitufe tu", kumbe kazi imegeuka nyingine

Ndugu Mhariri,

Naandika kwa niaba ya kijana ninayemwelekeza kazi ya kutengeneza tovuti hapa Dar es Salaam. Ana miaka 22, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Mteja ni mama mwenye duka la vitenge Kariakoo, anayefahamiana na wazazi wake. Walikubaliana kwa ujumbe wa WhatsApp: tovuti ya duka, kurasa tano, wiki tatu, shilingi 600,000, nusu itangulie. Kutoka kwenye nusu hiyo kijana alilipia jina la tovuti na nafasi kwenye seva kwa mwaka mmoja.

Kurasa tano zilikamilika kwa wakati. Ukurasa wa bidhaa ulikuwa na picha 40 za vitenge, zote zimeandikwa ndani ya faili moja, `bidhaa.html`, na chini ya kila picha kitufe cha kumwandikia muuzaji. Mama akaipenda. Siku chache baadaye akaomba bei ziwekwe, kijana akaziweka. Lakini bei za vitenge hubadilika mzigo mpya ukiingia, na kwa jinsi ukurasa ulivyojengwa, hakuna awezaye kubadilisha bei ila kijana mwenyewe kwa kulifungua lile faili. Simu zikaanza kuingia kila asubuhi. Hapo ndipo alipopaswa kusema kwamba duka linahitaji hifadhidata na ukurasa wa mama kuingizia bidhaa zake, na kwamba hiyo ni kazi tofauti yenye bei yake. Hakusema.

Wiki ya tano mama akaja na ombi la kikapu, yaani mahali kwenye tovuti ambapo mnunuzi anakusanya bidhaa anazotaka. "Mwanangu, weka na pa kulipia M-Pesa. Ni kitufe tu."

Kwenye kioo ni kitufe kweli. Kijana alikitengeneza kikapu kwa siku mbili, kikihifadhi bidhaa ndani ya kivinjari cha mnunuzi, na mama alipokiona akadhani kazi imekwisha. Shida ni kwamba jumla inayotoka kwenye kivinjari haiaminiki, maana mnunuzi mjuzi anaweza kugeuza 36,000 kuwa 3,600 kabla ya kuituma. Lazima seva ijumlishe upya kwa bei zake yenyewe. Tena kivinjari cha mmoja hakijui kilichomo kwenye kikapu cha mwingine, kwa hiyo kitenge kimoja kilichobaki kinaweza kuuzwa kwa watu wawili. Na taarifa ya malipo ambayo tovuti inaitegemea haiji kwenye kivinjari cha mnunuzi, inakuja kwenye seva, ambayo lazima iwe tayari kuipokea hata ikichelewa, na isiandike oda mbili taarifa ileile ikija mara mbili. Juu ya hayo, mama anataka kitenge cha yadi sita kiweze kukatwa yadi tatu, yaani hesabu ya stoo iende kwa yadi, siyo kwa kitenge.

Sasa ni wiki ya tisa. Nusu ya pili haijalipwa, na mama analalamika kwa wazazi kwamba kijana "amemshikia duka", kwa sababu jina la tovuti liliandikishwa kwa jina la kijana. Katika hilo mama ana haki. Nimemwambia kijana alihamishie kwa mama wiki hii, bila sharti la malipo.

Kitu kimoja kinamsaidia: siku mama alipoukubali muonekano, kijana aliweka alama ya `toleo-la-1` kwenye kazi yake ndani ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili. Amri hii inaonyesha kila faili lililobadilika tangu siku hiyo:

```
git diff --stat toleo-la-1
```

Najua mama hatasoma orodha hiyo. Ila kutokana nayo tumeandika karatasi moja: kilichokubaliwa, kilichoongezwa, na tarehe ya kila ombi kama ilivyo kwenye WhatsApp.

Mimi naona kijana afunge kazi ya kwanza kwa kikapu kinachotuma oda WhatsApp tu. Mama athibitishe mwenyewe kama kitenge kipo, ataje bei, na mnunuzi alipe kwa Lipa Namba. Hapo bei ya kuchezewa haina madhara, kwa kuwa mtu anaikagua kabla ya pesa kupokelewa. Duka likiuza oda chache kwa siku, njia hiyo inatosha. Hifadhidata na malipo ya moja kwa moja viwe mkataba wa pili, wenye bei yake.

Wazazi wake wanataka amalizie yote kwa 300,000 zilizobaki, kulinda ujirani. Je, ile karatasi aipeleke mwenyewe dukani, au atangulize mtu mzima wa kumsemea? Na kwa kazi ya siku mbili za kikapu, ambayo mama aliiomba lakini hawakupatana bei, ni haki aidai au aiache?

Fundi wa tovuti,
Dar es Salaam