Mkopo wa kwenda Uarabuni huanza kula kabla ya mshahara

Mhariri,

Familia nyingi hapa Mbeya huweka shamba rehani ili binti apate ada ya wakala wa kazi za Uarabuni. Tuchukue mkopo wa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza na wa pili huishia kwenye vipimo na kusubiri viza. Mshahara hupatikana mwisho wa mwezi wa tatu. Deni limeshafika 2,600,000. Binti akituma 500,000, hata riba ya 600,000 haijaisha, na mtaji haujaguswa. Nyumbani wanashangaa: mtoto anatuma, deni halipungui!

Tena hela ikipitia kwa baba msimu wa mbolea, nusu huishia shambani. Simlaumu, viazi havisubiri.

Kabla ya kusaini, mkopeshaji akubali kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba riba itaanza baada ya mshahara wa kwanza. Binti amtumie mkopeshaji hela moja kwa moja kwenye simu, atunze ujumbe wa muamala, na kila mwezi adai salio likitenganisha riba na mtaji.

Msomaji, Uyole, Mbeya