Ushuru wa chupa tunaulilia, kodi ya vizibo tunaiacha dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba ushuru wa bidhaa ndio unaowaua watengenezaji wadogo wa vinywaji hapa Zanzibar. Mimi ni mmoja wao. Natengeneza kinywaji cha tangawizi na ukwaju hapa Wete, kwenye chupa za mililita 300, na nilikuwa nikiamini hivyohivyo mpaka mtoto wa dada yangu, aliyesomea uhasibu, aliponiwekea daftari mbele na kuniambia, "Mama mdogo, ushuru si adui yako mkubwa. Adui yako ni risiti."

Nitaeleza hesabu yenyewe, maana maneno matupu hayamsaidii mtu. Bei nimezilainisha kidogo ili zifuatike. Ushuru nao nimeuweka shilingi 60 kwa lita kwa ajili ya mfano tu. Viwango hupangwa kwenye sheria na huweza kubadilika bajeti ikipita, kwa hiyo kila mtu aingize kile kinachomhusu mwaka huo.

Mwezi mmoja nilitoa chupa 4,000, yaani lita 1,200. Ushuru wa namna hii huhesabiwa kwa ujazo, na hudaiwa mzigo unapotoka kwenye sehemu ya kutengenezea, iwe umeuzwa na kulipwa au umekopeshwa. Lita 1,200 kwa shilingi 60 ni shilingi 72,000, sawa na shilingi 18 kwa kila chupa. Bei yangu kabla ya kodi ni 700. Ukiongeza 18 inakuwa 718, na hapo ndipo kodi ya ongezeko la thamani inapopigwa: asilimia 15 ya 718, si ya 700. Inakuja shilingi 107 na senti 70. Kwa hiyo ushuru wenyewe unazaa kodi, na msomaji wetu hapo ana haki ya kunung'unika. Lakini kinachozaliwa ni chini ya shilingi 3 kwa chupa. Kwa mzigo wote, ongezeko la thamani nililopaswa kuwatoza wateja lilikuwa shilingi 430,800.

Ambalo wengi wetu hatulijui vizuri ni kwamba fedha hiyo mtu hailipi yote. Aliyesajiliwa huondoa kwanza kodi ya ongezeko la thamani aliyotozwa aliponunua vitu vya kazi yake, kisha hupeleka kinachobaki. Ushuru wa bidhaa haupunguzwi kwa njia hiyo. Huo ukishatoka umetoka, uko ndani ya bei. Kodi inayoweza kurudi ni ya chupa, vizibo, lebo na mengineyo yaliyonunuliwa kwa risiti halali. Tangawizi na ukwaju ninavyonunua kwa wakulima wa Micheweni havina kodi hiyo, kwa hiyo hakuna cha kudai.

Chupa na kizibo chake, kwa risiti, ni shilingi 161, ambapo 21 ni kodi. Mwezi ule nilinunua 4,200, maana kuna zinazopinda kwenye maji ya moto na kuna zinazopasuka. Mwenye duka la jumla akaniambia, kama wanavyosema wengi, "Bi mkubwa, bila risiti nakufanyia 155." Nikaona nimepata. Shilingi 6 kwa kila chupa ni shilingi 25,200, hizo ni nauli ya boti na chai ya vijana. Nikazichukua bila risiti.

Kijana wangu akanipigia hesabu upya. Ningelipa 161 na kudai 21, chupa ingenigharimu 140. Nimelipa 155 na sina cha kudai, kwa hiyo imenigharimu 155. Nimepoteza shilingi 15 kwa kila moja, jumla 63,000, ili nifurahie 25,200. Lebo nazo nilipewa risiti, lakini mchapaji aliitoa bila jina langu wala namba yangu ya mlipakodi, kama ya mpita njia. Kodi iliyokuwamo, shilingi 18,900, nikashindwa kuidai. Jumla ya hasara ya mwezi mmoja: shilingi 81,900. Ushuru wa bidhaa nilioulilia msikitini na sokoni ulikuwa 72,000.

Hata kama kiwango kingekuwa shilingi 68 kwa lita badala ya 60, hasara yangu ya risiti ingekuwa bado imeufikia ushuru wenyewe. Na tofauti yake ni hii: ushuru nilimtoza mteja ndani ya bei. Ile 81,900 ilitoka mfukoni mwangu.

Kwa hiyo sasa nikinunua naitazama risiti kabla sijaondoka kaunta. Natafuta kwanza namba ya usajili ya muuzaji, kwa sababu ambaye hakusajiliwa hana haki ya kutoza kodi hiyo, na akiiandika si halali kwangu kuidai. Kisha natafuta jina langu na namba yangu, halafu kiasi cha kodi kilichotengwa peke yake. Kikikosekana kimoja nairudisha palepale. Mwenye duka huchukia, lakini kurekebisha siku hiyo ni dakika tano, na baada ya mwezi ni safari ya Unguja.

Vifaa vya kutoka Bara ni mkasa wa peke yake. Sehemu kubwa ya chupa zetu hutoka Dar es Salaam, na huko ongezeko la thamani kwa kawaida ni asilimia 18, siyo 15. Mamlaka ni mbili na sheria ni mbili: huko ni ya Bara, huku Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ile tuliyokuwa tukiiita Bodi. Nilipoleta risiti ya Kariakoo nikitaka nipunguziwe, nilijibiwa kwa upole kwamba kodi ile iliingia hazina nyingine. Lakini tangu Sheria ya Fedha ya Bara ya 2022, kiwanda cha Bara kinachomuuzia bidhaa zake mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa ongezeko la thamani hapa Zanzibar kinatoza asilimia sifuri. Angalia masharti yake: muuzaji awe ni kiwanda chenyewe, na mnunuzi awe amesajiliwa huku. Mwenye duka la jumla Kariakoo si kiwanda. Akikuuzia chupa zilezile, 18 imo ndani, nawe umeibeba mpaka Wete.

Tatizo ni kwamba kiwanda hakitaki kuuza chupa 4,200. Kinataka mzigo wa lori. Ndiyo maana mdogo hubaki Kariakoo, na unafuu humfikia aliye mkubwa. Hapo ningeomba wakubwa wetu wa Wizara ya Fedha watusaidie kwa jambo moja: ushirika wa watengenezaji wa Pemba usajiliwe kwa jina lake, ununue kiwandani kwa pamoja, na utugawie kwa risiti ya huku. Sisi tuliosajiliwa tutadai. Wasiosajiliwa hawatadai, lakini angalau kodi watakayobeba itakuwa ya huku ya 15.

Nisieleweke kwamba kila mtu akimbilie kujisajili. Jirani yangu anatengeneza sabuni ya mwani na mafuta ya nazi, anauza akina mama sokoni na wageni wachache. Alinijia akitaka nimpeleke akajiandikishe ili naye "arejeshewe". Tukakaa barazani tukahesabu. Mche wake anauza 2,000. Mafuta ya nazi anayakamua mwenyewe, mwani anaununua kwa wakulima, vyote havina risiti ya kodi. Kilichobaki ni kostiki soda na karatasi ya kufungia, kama shilingi 230 kwa mche, ambapo 30 ni kodi. Akijisajili, ama apandishe bei iwe 2,300, na akina mama wale watamkimbia, ama abaki 2,000 na humo atoe zaidi ya shilingi 260 za kodi. Atoe 260 ili arudishiwe 30! Nikamwambia, mwenzangu, mauzo yako hayajafika kiwango cha kulazimishwa, kaa kwanza.

Mimi kwangu ilikuwa sahihi kwa sababu wateja wangu wakubwa ni hoteli. Hoteli iliyosajiliwa ikinilipa zile 107 na senti 70 inazidai yenyewe kwenye hesabu zake, kwa hiyo haioni kwamba nimepandisha bei. Tena ni mmoja wao aliyekataa mzigo wangu wa kwanza kwa kuwa sikuwa na risiti ya kodi. Mteja akiwa msajiliwa, usajili unakuvuta juu. Akiwa mnunuzi wa mwisho, unakusukuma chini. Anayeuza kwa wote wawili, kama ninavyofanya Ramadhani ninapopeleka chupa madukani kwa ajili ya futari, hubeba faida upande mmoja na hasara upande wa pili.

Limebaki moja linaloniuma, na hili ni la ushuru kweli. Tangawizi isipochemshwa sawasawa huendelea kuchacha ndani ya chupa. Mwaka jana duka moja la Chake Chake lilinirudishia chupa 240 zimevimba kama puto. Kosa langu, moto ulikatika. Lakini lita hizo 72 nilikwishazilipia ushuru zilipotoka mlangoni, shilingi 4,320 kwa mfano huu, na nilizimwaga shimoni bila shahidi. Sikuwa nimeandika idadi iliyorudi, tarehe wala namba ya toleo, basi ningedai kwa kitu gani? Sasa nina daftari la pili la vinavyorudi, na chupa mbovu nazihifadhi mpaka ofisa azione.

Ninachoomba kwa wanaohusika ni utaratibu ulioandikwa kwa Kiswahili, ubandikwe ofisini Wete na Chake: chupa zikirudi, nani aje kuzishuhudia, ndani ya siku ngapi, na ushuru wake unapunguzwa kwenye hesabu ya mwezi gani. Mwenzetu aliyeandika wiki iliyopita, kama ana barua yoyote ya kujibiwa kuhusu hilo, aiweke hapa tuione.

Mtengeneza vinywaji,
Wete, Pemba