Kabla hujabonyeza Accept All kwenye tafsiri tuliyokuletea

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja, mhasibu wa kikundi cha wauza dagaa wa Kibirizi, alikuja kwenye ofisi yetu ya tafsiri hapa Mwanga, Kigoma, amekasirika. "Dada, mmenitoza mara mbili kwa kazi moja. Kazi yenyewe ni kubonyeza tu zile alama nyekundu ziondoke." Nilimkaribisha kiti, tukafungua faili pamoja. Malalamiko haya nimeyasikia mara nyingi, na kila mara namweleza mtu mmoja mmoja. Leo nayaandika, nikitumia kazi yake mwenyewe kama mfano, kwa ruhusa yake.

Kazi ilikuwa mkataba wa mkopo wa kurasa 9, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Tuliupeleka ukiwa umewashwa Track Changes ya Word, ili kila atakayegusa neno aonekane. Viongozi watatu wa kikundi wakaupitia: mwenyekiti, katibu na mhasibu. Uliporudi, Reviewing Pane ilionyesha mabadiliko 61 na maoni 14 pembeni. Siku 7 za marekebisho ya bure zilikuwa zimepita, kwa hiyo tukaomba shilingi 40,000 ya kuupitia upya na kutoa nakala safi. Wakaona ni nyingi. Mhasibu akabonyeza Accept All Changes, akafuta maoni yote, akachapa nakala 12, akazigawa. Wiki mbili baadaye mwanasheria wa mkopeshaji akazirudisha zote. Ndipo mhasibu alipokuja kwetu, tukarudi kwenye faili lile lenye alama.

Kilichorudisha nakala zile kilikuwa kwenye sentensi moja. Sisi tulikuwa tumeandika hivi: "Mkopaji aliyechelewa kurejesha atatozwa faini, na Mkopeshaji atamjulisha kwa maandishi." Kikundi kikataka neno "Mkopaji" liwe "Kikundi", sehemu zote 9. Ni ombi halali kabisa. Lakini katibu alibadilisha jina peke yake, kwa Find and Replace, na baada ya Accept All sentensi ikawa: "Kikundi aliyechelewa kurejesha atatozwa faini, na Mkopeshaji atamjulisha kwa maandishi."

Anayezungumza Kiswahili anasikia mara moja kwamba pamevunjika. Lakini soma kama mtu anayetafuta upenyo mahakamani. Nani atatozwa faini? Nani atajulishwa? Kiambishi "a-" na kile "-m-" cha "atamjulisha" vinaelekeza kwa mtu mmoja, mwanachama, wakati jina linasema kikundi. Mwanasheria aliuliza hilo hilo. Sentensi sahihi ni: "Kikundi kilichochelewa kurejesha kitatozwa faini, na Mkopeshaji atakijulisha kwa maandishi." Jina moja limebadilika, na vitenzi vitatu vimelazimika kulifuata. Hapo Word haisaidii. Inajua neno gani limeingia na lipi limetoka. Ngeli haiijui.

Na si kila kitu kinabadilika, ndiyo maana huwezi kurekebisha kwa Find and Replace nyingine. Kifungu cha 4 kilisema "Mkopaji atarejesha mkopo wake." Ukiweka Kikundi, "atarejesha" inakuwa "kitarejesha", lakini "wake" inabaki, kwa sababu inafuata "mkopo". Aliyeandika "mkopo chake" kwa haraka tumeshamwona, na ni msomi.

Kwa hiyo tukifungua faili la mteja, jambo la kwanza ni kusoma maoni yote ya pembeni kabla ya kugusa badiliko hata moja. Watu wengi hufanya kinyume, wakimaliza mabadiliko ndipo wanasoma maoni, wakati maoni ndiyo yanayoeleza kwa nini mabadiliko yapo, na mara nyingine yanayapinga. Kwenye mkataba huu mhasibu alikuwa ameandika pembeni mwa kifungu cha 2: "Mkopo ni wa kikundi, si wa mtu mmoja mmoja." Sawa. Lakini kifungu cha 7, kinachohusu dhamana, katibu aliandika: "Hapa abaki mwanachama, dhamana ni yake binafsi." Na Find and Replace ya katibu huyo huyo ilishageuza kifungu cha 7 kuwa Kikundi pamoja na vingine. Ukibonyeza Accept All, ukafuta maoni, dhamana ya mtu binafsi inageuka kuwa ya kikundi kizima na ushahidi wa nia yao unapotea. Niliwapigia simu. Wakathibitisha ni mwanachama. Badiliko lile nikalikataa, na nikawaeleza kwamba nimelikataa.

Yale 61 yenyewe hayakuwa mengi kama yanavyoonekana. Mabadiliko 23 yalikuwa ya umbo tu: herufi nene, nafasi ya aya, aina ya mwandiko. Hayo tunayaondoa kwanza kwa pamoja. Kwenye Show Markup tunazima Insertions and Deletions, tunaacha Formatting peke yake, kisha tunachagua Accept All Changes Shown. Neno Shown ndilo muhimu, linapitisha yanayoonekana tu. Yakabaki 38. Na kila ubadilishaji wa "Mkopaji" kuwa "Kikundi" Word inauhesabu mara mbili, ufutaji mmoja na uingizaji mmoja, kwa hiyo zile sehemu 9 ni 18. Zikabaki 20 za kusomwa moja moja, Kiingereza kikiwa wazi upande wa pili wa kioo.

Katika zile 20, moja mwenyekiti alikuwa amebadilisha siku 21 za kurejesha baada ya notisi kuwa siku 30. Kiingereza kinasema 21. Hapa ndipo wateja wengi wanatuona wakaidi. Mzee yule aliniambia, "Binti yangu, sisi ndio wenye mkataba, andika 30." Nikamjibu kwa heshima kwamba sisi tunaweka sahihi chini ya tafsiri tukisema inafanana na asili, na siwezi kusaini 30 wakati asili ni 21. Wakubaliane kwanza na mkopeshaji, Kiingereza kibadilishwe, nami nitabadilisha Kiswahili siku hiyo hiyo. Niliacha 21 na nikaandika maoni pembeni yanayoeleza hivyo. Hatimaye mkopeshaji alikubali siku 30, na sasa lugha zote mbili zinasema 30.

Kuna kitu kingine tunachofanya ambacho mteja hakioni kabisa, nacho kinakula muda kuliko vyote. Je, mteja alibadilisha kitu huku Track Changes ikiwa imezimwa? Inatokea, tena bila nia mbaya. Mtu anaizima kwa sababu rangi zinamsumbua macho, anarekebisha, anaiwasha tena. Badiliko lile halina rangi, halina jina, linaonekana kama sisi ndio tuliliandika. Kulipata, tunatengeneza nakala ya faili la mteja, tunachagua Reject All Changes kwenye hiyo nakala, halafu tunailinganisha kwa Review > Compare na faili tulilopeleka sisi. Ukishakataa mabadiliko yote yenye alama, linalobaki linapaswa kuwa sawasawa na letu neno kwa neno. Tofauti yoyote inayojitokeza ni badiliko la kimya. Kufanya Compare moja kwa moja bila kukataa kwanza hakusaidii, maana Word huchukulia mabadiliko yenye alama kana kwamba yameshakubaliwa, yanachanganyika yote.

Kwenye mkataba wa Kibirizi tulipata moja: "miezi 12" ilikuwa imegeuka "miezi 10" kifungu cha 3. Hakuna aliyekumbuka kuigusa. Asili ilisema 12, ikarudi 12. Miezi miwili ya marejesho ya kikundi kizima, na kwenye nakala 12 zilizochapwa ilikuwa imesimama 10.

Sasa niseme njia ya mkato nyingine, ambayo kwangu ni mbaya kuliko Accept All: kuchagua No Markup. Rangi zinatoweka, ukurasa unakuwa mweupe, mtu anadhani amesafisha. Hajasafisha, amefunika. Kila badiliko na kila maoni bado yamo ndani ya faili, na atakayelifungua kwingine anaweza kuyaona. Miaka michache nyuma mfanyabiashara mmoja alikuwa akijadiliana kodi ya ghala. Ndani ya rasimu mwenzake alimwandikia maoni: "Akikataa, tupande hadi laki nane." Akaficha kwa No Markup, akamtumia mwenye ghala. Mwenye ghala alikwenda kuifungua steshenari, alama zikajitokeza na maoni yakiwa pembeni. Hakuwa na sababu tena ya kushusha bei. Kodi ikawa laki nane kwa mwezi. Kutia alama ya Resolve kwenye maoni nako hakuyafuti, kunayafifisha tu. Na Accept All nayo haigusi maoni.

Ndiyo maana kabla ya kukukabidhi nakala safi tunapitisha File > Info > Check for Issues > Inspect Document, tukiangalia mstari wa Comments, Revisions, and Versions. Tunafanya hivyo kwenye nakala, kamwe si kwenye faili la kazi, kwa sababu inachoondoa huenda kisirudi. Kisha tunatafuta nafasi mbili mfululizo, maana neno linapofutwa na jingine kuingizwa mara nyingi huacha nafasi ya ziada, au hugandisha maneno mawili. Mwisho tunasoma Kiswahili chote kwa sauti, mmoja anasoma, mwingine anafuatilia kwenye Kiingereza. Kurasa 9 zilituchukua saa moja na nusu kusoma tu.

Mhasibu yule alilipa zile 40,000, pamoja na gharama ya kuchapa nakala 12 mara ya pili. Nilimwonyesha kila hatua kwenye kioo, hadi ile "miezi 10". Alinyamaza kidogo, akasema, "Hii ningeilipa kwa dagaa."

Marekebisho ya kwanza ndani ya siku 7 yamo kwenye bei yetu, hayana nyongeza. Tunachoomba ni faili lenyewe la Word, si picha ya WhatsApp wala PDF iliyochorwa kalamu. Acheni Track Changes ikiwa imewashwa muda wote, rangi zikisumbua chagueni No Markup mnaposoma tu. Na kabla ya kulirudisha, mteue mtu mmoja mwenye neno la mwisho, mtuandikie namba yake ya simu juu ya ukurasa wa kwanza. Katibu na mhasibu wakipishana kwenye kifungu cha 7, tujue tumpigie nani.