Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: kabla ya kuahidi kwamba kura huleta amani

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Uchaguzi mkuu wa Sudan Kusini, ulioahirishwa zaidi ya mara moja na ambao Septemba 2024 ulipangiwa Desemba 2026, utaturudishia kauli ambayo Rais Bill Clinton aliitoa mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1994: nchi za kidemokrasia hazishambuliani. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Jumuiya inataja demokrasia miongoni mwa misingi yetu, na Jumuiya hutuma waangalizi wa uchaguzi. Kwa hiyo kauli hiyo inakuhusu, na ningependa tujue imebeba nini kabla hatujaiweka kwenye hotuba.

Wanazuoni wanaoitetea hawasemi kwamba demokrasia ni za upole. Uingereza, Ufaransa na Marekani zimepigana vita vingi mno, vikiwemo vya kututawala. Wanachosema ni kuhusu jozi: chukua nchi mbili, zote zikiwa na serikali zinazowajibika kwa wapiga kura, na hutaziona zikipigana vita kamili. Wazo linatoka kwa mwanafalsafa Mjerumani Kant, aliyeandika mwaka 1795 kwamba pale ambapo idhini ya vita hutoka kwa wale watakaolipa gharama yake, watasita. Michael Doyle alilifufua mwaka 1983, na wengine wakalipima kwa orodha ya vita iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan. Orodha hiyo inaanzia 1816, na vita baina ya dola huhesabiwa pale wapiganaji waliokufa wanapofika 1,000. Kwa kipimo hicho, jozi za demokrasia zilizokomaa zilizopigana karibu hazipo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Jack Levy alisema hapo ndipo taaluma ya uhusiano wa kimataifa ilipokaribia zaidi kupata kanuni.

Lakini "karibu hazipo" ni matokeo ya kuangaliwa vizuri, kwa sababu vita baina ya nchi ni nadra kwa jozi yoyote ile. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ikavunjika, mali zikagombaniwa kwa miaka, na hakuna jeshi lililovuka Namanga. Zote mbili zilikuwa zikitawaliwa na chama kimoja kimoja. Mwaka uliofuata Amin akavamia Kagera na vita vikapiganwa hadi Kampala. Wala vita vya Kagera havipingi nadharia hii, wala amani ya Namanga haiithibitishi, maana hakuna jozi ya demokrasia katika visa vyote viwili. Sehemu kubwa ya historia yetu inapita kando yake kabisa.

Kisa kinachoijaribu kweli kimetokea ndani ya mipaka ya Jumuiya ya leo, Mheshimiwa. Ni Fashoda, mji ambao sasa unaitwa Kodok, kwenye ukingo wa Nile Nyeupe huko Sudan Kusini. Tarehe 10 Julai 1898 Kapteni Marchand alifika pale na maofisa wachache wa Kifaransa na askari wa Kiafrika wapatao 120, baada ya safari ya takriban miaka miwili kutoka pwani ya Atlantiki. Akapandisha bendera. Septemba Jenerali Kitchener wa Uingereza akapanda mto na meli zenye mizinga na askari zaidi ya elfu moja, akitoka kulishinda jeshi la Mahdiya pale Omdurman. Wawili hao walizungumza kwa adabu na kuachia miji mikuu yao iamue. (Washiluki, ambao Fashoda ndiyo makao ya mfalme wao, hawakuwa na mbunge London wala Paris.)

Uingereza na Ufaransa zote zilikuwa na mabunge, magazeti huru na uchaguzi wa ushindani. Kama nadharia ingefanya kazi jinsi inavyoelezwa, tungeona pande zote mbili zikitafuta suluhu kwa heshima, na wananchi wakiwavuta viongozi nyuma. Christopher Layne alipokichambua kisa hiki mwaka 1994 aliona kinyume. Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, alikataa kujadili lolote kabla Marchand hajaondoka. Magazeti ya London yalitaka ukali zaidi, na jeshi la majini likawekwa tayari. Delcassé, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, alitafuta hata njia ndogo ya kutoka bila aibu, hakuipata. Aliyemrudisha nyuma hakuwa mpiga kura wa Kiingereza bali hesabu ya manowari, na nchi yake iliyokuwa imepasuka kwa kesi ya Dreyfus, ofisa Myahudi aliyesingiziwa usaliti. Mapema Novemba amri ya kuondoka ikatolewa.

Watetezi wana jibu, na si la kupuuzwa: vita havikutokea, na kisa kimoja hakivunji mwelekeo wa karne mbili. Kweli. Ila Fashoda inaonyesha kwamba amani inaweza kupatikana bila ile sababu inayotajwa, na ukishajua hilo unaanza kuuliza visa vingine vingapi viko hivyo. Farber na Gowa waliangalia miaka ya kabla ya 1914 wasione tofauti ya maana kati ya jozi za demokrasia na nyingine. Amani ya baada ya 1945 waliihusisha zaidi na maslahi ya pamoja ya wakati wa Vita Baridi. Mjadala huo haujafungwa. Mimi naona uhusiano upo, lakini sababu yake bado inagombaniwa, na anayetunga sera huhitaji sababu.

Kisha kuna Kargil. Mwaka 1999 India na Pakistan zilipigana milimani Kashmir, na orodha ile ya Michigan inavihesabu kuwa vita. Pakistan ilikuwa na waziri mkuu aliyechaguliwa, Nawaz Sharif. Jibu la kawaida ni kwamba haikuwa demokrasia iliyokomaa, kwa kuwa jeshi lilijiamulia mambo, na kweli Oktoba mwaka huohuo jeshi likampindua. Wapinzani hulalamika kwamba kila inapotokea vita, mojawapo ya nchi huvuliwa cheo cha demokrasia. Lalamiko ni la haki, lakini mimi nachukua kitu kingine hapo: hata watetezi wanakiri kwamba kura pekee haitoshi pale ambapo mwenye bunduki hawajibiki kwa aliyechaguliwa.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu Juba. Mansfield na Snyder wamedai tangu 1995 kwamba nchi zilizo katikati ya mabadiliko, zenye uchaguzi mpya na taasisi dhaifu, huwa katika hatari kubwa zaidi ya vita kuliko udikteta uliotulia. Wapo wanaosema ushahidi wao unategemea visa vichache. Hata hivyo, mkataba wa amani wa Sudan Kusini wa 2018 ulitaka majeshi yaunganishwe, na kazi hiyo imesuasua. Tena nadharia tunayoizungumzia haigusi vita vya ndani, aina ile iliyozuka Juba Desemba 2013. Haigusi vizuri hata yale yaliyotokea Kisangani Juni 2000, ambako majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana katika nchi ya tatu.

Ombi langu ni dogo. Timu ya waangalizi mtakayoituma ipewe, pamoja na fomu za vituo vya kura, maswali matatu ya kujibu hadharani: nani anatoa amri kwa kila kikosi, nani anapitisha bajeti ya jeshi na kama bunge huiona, na nani aliidhinisha mara ya mwisho askari kuvuka mpaka. Maswali hayohayo yaulizwe Kigali, Kampala, Kinshasa, na Dodoma pia. Majibu yachapishwe katika ripoti ileile inayotaja asilimia za waliojitokeza kupiga kura.

Wako katika Jumuiya,
Mwalimu wa historia, Arusha