Kabla ya dripu ya sukari: barua kwa matabibu na wauguzi wa zamu ya usiku

Wanangu,

Nawaandikia kuhusu ugonjwa wa Wernicke, yaani ubongo kuharibika kwa kukosa vitamini B1, na kuhusu mgonjwa wake ambaye mara nyingi huandikwa "kalewa" na kulazwa pembeni hadi kukuche. Tuseme ni mwanamume wa miaka 45. Amekunywa gongo miezi mingi, na wiki tatu hizi kila anachokula anakitapika. Ndugu zake wanasema tangu juzi anaongea yasiyoeleweka na hatembei bila kushika ukuta.

Hilo "tangu juzi" lisiwapite. Ulevi hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Huyu hajaonja pombe tangu jana, na bado anapepesuka. Mwili huweka akiba ndogo sana ya vitamini B1, yaani thiamini, ambayo huisha ndani ya wiki mbili tatu asipoipata, na pombe huzuia hata ile kidogo isifyonzwe tumboni.

Mwambie afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa. Tazama kama mboni zinachezacheza, au jicho moja linashindwa kufika pembeni. Kisha msimamishe, muwe wawili, muone kama anatanua miguu ili asianguke. Msingoje macho, mwendo na akili viharibike vyote, kwa kuwa ni wachache wanaofika na vyote vitatu. Kwa mnywaji, lishe duni pamoja na dalili moja tu kati ya hizo inatosha kuanza tiba. Pimeni sukari na malaria, chunguzeni jeraha la kichwa na homa ya uti wa mgongo, lakini thiamini isisubiri majibu.

Kosa ninalolihofia zaidi ni dripu ya sukari peke yake. Ubongo hauwezi kuchoma sukari bila thiamini, kwa hiyo dripu hiyo humaliza kile kidogo kilichobaki. Tangulizeni thiamini. Sukari ikiwa imeshuka, mpeni vyote viwili kwa pamoja, sukari msiicheleweshe.

Dozi ni miligramu 500 kwenye mshipa, ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi, ipite polepole kwa dakika 30, mara tatu kwa siku, siku mbili au tatu. Kisha miligramu 250 mara moja kwa siku kwa siku tano. Vidonge havitoshi hapa, kwa sababu utumbo wa mnywaji hupitisha kidogo mno. Asipopata nafuu, fikirieni magnesi: ikipungua, thiamini haifanyi kazi.

Wala msimtafute kwa walevi tu. Daktari Wernicke alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1881, mmoja wa wagonjwa wake watatu alikuwa mshonaji wa kike aliyetapika mfululizo baada ya kumeza asidi. Mjamzito anayetapika wiki nzima nzima yumo humu.

Macho huweza kutulia ndani ya saa chache, mwendo huchukua wiki. Kumbukumbu ikishapotea, wengi hairudi yote. Ndiyo maana mkimpa rufaa, dozi ya kwanza iingie kabla gari halijaondoka, na saa yake iandikwe kwenye karatasi ya rufaa.