E471 kwenye biskuti: kwa nini wakati mwingine tunakujibu "hatujui bado"

Kazi yetu ni kukusomea viambato vya chakula kwenye picha ya pakiti unayotutumia. Juzi usiku mteja wetu alitutumia picha ya pakiti ya biskuti. "Jamani, mwanangu ana aleji ya maziwa, na sisi ni Waislamu. Hizi tunaweza kula?"

Picha ilikuwa inang'aa taa, na mstari wa mwisho umekatika. Tukamwomba asubuhi apige tena karibu na dirisha, pakiti ameinyoosha. Onyo la "huenda ikawa na chembe za karanga" mara nyingi hujificha huko mwishoni, kwenye mshono.

Ya pili ilisomeka vizuri: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, unga wa "whey", E322, E471, E500, chumvi.

Tulianza na mtoto. "Whey" ni yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, kisha yakakaushwa. Neno maziwa halipo, lakini protini ya maziwa ipo. Viambato hupangwa kuanzia chenye uzito mkubwa, na baadhi ya wazazi hujipa moyo wakiona kitu kiko katikati ya orodha. Kwa mwenye aleji, nafasi hiyo haimlindi. Jibu letu: asipewe hata kipande.

Kwa wengine wa nyumba ile, shida ilikuwa kiongezo chenye namba E471. Kazi yake ni kushikanisha mafuta na maji, na hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya mnyama, nguruwe akiwemo. Namba ni ileile, chanzo chochote. Mteja alituonyesha mawese na kusema, "Si mafuta ya mimea hayo?" Ndiyo, lakini hayo ni mafuta ya biskuti yenyewe, hayasemi E471 imetoka wapi. Tukaiweka alama ya njano: shaka. Ingeondoka kama pembeni yake pangeandikwa "ya mimea", kama pangekuwa na nembo ya halali ya taasisi inayotambulika, au mtengenezaji akijibu kwa maandishi. Ukiona INS 471 badala ya E471, ni kitu kilekile.

E322 kwa kawaida ni ya soya, ila yaweza kutoka kwenye yai. Kwa mwenye aleji ya yai tungeiulizia. E500 ni magadi soda ya jikoni kwako. Si kila E ni ya kukimbiwa.

Hatutoi fatwa wala hatupimi aleji. Ya fatwa muulize shehe wako, ya aleji daktari. Na jibu letu ni la pakiti uliyoipiga picha tu: biskuti za jina hilohilo, zikitoka kiwanda cha nchi nyingine, zinaweza kuwa na orodha tofauti.

Ukitutumia, piga picha tatu: mbele, orodha nzima ya viambato, na sehemu yenye jina la mtengenezaji. Kama muagizaji amebandika stika juu ya orodha ya asili, usiibandue dukani. Nunua moja kwanza.